Damu ilitoka, na bado ilikuwa mimba

"Lakini sista, mimi siku zangu niliziona."

Aliyasema hayo asubuhi ya pili baada ya upasuaji, dripu ingali mkononi, mama mkwe wake akipoza uji kwenye kibakuli. Hakuwa anabishana na mtu. Alikuwa ameambiwa na daktari kwamba mimba ilitunga nje ya kizazi, kwenye mrija wa uzazi wa kulia, mrija ukapasuka, ukatolewa. Alikuwa amesikia yote. Kilichomshinda ni kimoja tu: kama hedhi alipata, hiyo mimba ilitoka wapi?

Nikamjibu kama tunavyojibu wodini tukiwa na wagonjwa wengine wanaongoja. Nikamwambia damu ile haikuwa hedhi.

Akaniuliza, "Mimi ningejuaje?"

Nimekaa na swali hilo kwa wiki kadhaa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake hapa Tanga, na wanawake wa namna yake nimewapokea wengi, lakini wengi huingia wakiwa hawana nguvu ya kuuliza kitu. Huyu aliuliza. Nimeomba ruhusa yake kuandika, na vitu vichache vya kumtambulisha nimevibadilisha.

Tarehe zake

Ni fundi cherehani wa Makorora, ana mtoto mmoja, na alikuwa ameacha uzazi wa mpango ili apate wa pili. Mwezi wake hauyumbi, siku 28, damu siku tano, nyingi siku mbili za mwanzo. Hedhi yake ya Juni ilianza tarehe 3. Kwa hiyo nyingine aliitazamia tarehe 1 Julai.

Haikuja.

Alingoja. Akawaza kununua kipimo cha mkojo, akasema ngoja wiki iishe. Tarehe 9 Julai akaona damu kwenye nguo. "Nikasema alhamdulillahi, imechelewa lakini imekuja." Kipimo hakununua tena, maana cha kupima hakikuwepo.

Hapa ndipo kisa chote kilipogeukia. Kwa wiki nzima mwili wake ulikuwa umempa sababu ya kupima, halafu doa moja la damu likaifuta.

Damu yenyewe aliieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi. Ilikuwa kidogo, pedi moja inamtosha kutwa. Rangi yake haikuwa nyekundu, ilikuwa hudhurungi, kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Haikuwa na mabonge. Tarehe 12 ikakatika, akaoga josho lake, akaswali. Kesho yake mchana ikarudi, doa tu. Ikakatika tena. Ikarudi.

Hakuwa ameziandika tarehe hizo popote. Alizikumbuka kwa sababu ya josho na swala.

Maumivu yalianza siku moja baada ya damu. Kulia, chini kabisa, juu kidogo ya kinena. Aliweza kunionyesha mahali kwa kidole kimoja. Yalikuja na kuondoka, akikanyaga cherehani yanamsumbua, akilala yanapungua.

Damu ile ilitoka wapi

Yai hukutana na mbegu ndani ya mrija wa uzazi, kisha husafiri siku chache hadi kwenye kizazi. Likikwama njiani hutunga palepale, na zaidi ya mimba tisa kati ya kila kumi zinazotunga nje ya kizazi huwa kwenye mrija. Sababu ya kukwama mara nyingi ni kovu la maambukizi ya zamani, hasa ya zinaa, ambayo mwanamke anaweza asijue aliwahi kuyapata. Lakini karibu nusu ya wanawake wanaopatwa hawana sababu yoyote inayojulikana. Huyu hakuwa nayo.

Wakati hayo yanaendelea mrijani, kizazi hakijui kwamba mgeni amekwama. Kinapokea homoni ya mimba, kinatandika ukuta wake wa ndani, na ndiyo maana hedhi haiji kwa tarehe yake. Ila mimba iliyo mahali pabaya mara nyingi hutoa homoni hiyo kwa unyonge. Ukuta uliotandikwa haupati nguvu ya kushikilia, unaanza kumeguka vipande vidogovidogo. Hiyo ndiyo damu aliyoiona. Inatoka kwenye kizazi kama hedhi, kwa njia ileile ya hedhi, lakini inachelewa kutoka na hukaa kidogo njiani, ndiyo maana mara nyingi huwa nyeusi au hudhurungi. Inakatika na kurudi kwa sababu ukuta haumeguki wote kwa pamoja kama katika hedhi.

Wapo ambao ukuta huo humeguka wote kwa mara moja. Mwanamke huona kipande kama cha nyama, anasema mimba imetoka, na watu wanampa pole. Kile kipande ni ukuta wa kizazi. Mimba bado iko mrijani.

Na damu ile ya nje haina uhusiano na inayovuja ndani. Pedi inaweza kuwa na doa moja wakati tumboni pana lita mbili.

Upande mmoja

Kuhusu maumivu nitasema taratibu kidogo, maana hapa ni rahisi kumtisha kila mwenye mwili.

Maumivu ya hedhi kwa wengi hukaa katikati, chini ya kitovu, yanaenda mgongoni na mapajani, na damu ikishafunguka yanaanza kulegea. Ya mrija kwa kawaida huanza upande mmoja, na damu ikija hayalegei, yanazidi kukua. Hilo la pili ndilo ninalolipa uzito. Maumivu yanayoendelea kukua wakati hedhi inayodhaniwa imeshaanza, tena hedhi yenyewe ni haba, hayaendani na kitu cha kawaida.

Upande mmoja peke yake haufungi kesi. Mwanamke anaweza kuumwa upande mmoja siku yai linapotoka, lakini hiyo huwa katikati ya mwezi, wiki mbili hivi kabla ya hedhi, na ndani ya siku moja au mbili imekwisha. Uvimbe wa maji kwenye ovari unauma upande mmoja. Kidole tumbo kinauma kulia. Hata mimba iliyokaa vizuri kwenye kizazi inaweza kuuma upande mmoja wiki za mwanzo.

Na kinyume chake kipo. Nimepokea wanawake walioumwa tumbo zima la chini, na mmoja ambaye hakuumwa kabisa hadi mrija ulipopasuka. Kwa hiyo anayengoja maumivu ya upande mmoja ndipo aamini, anangoja dalili ambayo huenda isije.

Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?

Tarehe 14 alikwenda duka la dawa. Aliulizwa kama mkojo unachoma, akasema unachoma kidogo. Aliulizwa hedhi ya mwisho lini.

Akajibu: tarehe 9 mwezi huu.

Alisema kweli kama alivyoijua. Na kwa jibu hilo, aliyemhudumia hakuwa na sababu ya kufikiria mimba: mtu aliyepata siku zake juzi, anaumwa tumbo la chini, mkojo unachoma. Akapewa antibayotiki za U.T.I na dawa ya maumivu. Dawa ya maumivu ilifanya kazi yake, siku mbili akashona kama kawaida.

Nimelifikiria sana jibu lile kwa sababu swali lile tunauliza sisi sote. Limepigwa chapa kwenye fomu. Tunaandika tarehe tuliyopewa na tunaendelea. Mgonjwa akitaja tarehe ya damu ya uongo, tarehe hiyo inaingia kwenye karatasi, na kila atakayeisoma karatasi baada ya hapo atadanganywa nayo.

Swali linalofaa lina sehemu mbili. Ile damu ya mwisho, ilikuja kwa tarehe yake na ilikuwa kama zako za siku zote? Kama hapana, ile ya kabla yake ilianza lini? Angeulizwa hivyo angesema: ilichelewa siku nane, ilikuwa kidogo, nyeusi, ilikatika ikarudi, na ya kabla yake ni tarehe 3 Juni. Kutoka 3 Juni hadi siku ile aliposimama dukani ni siku 41. Ni karibu wiki sita, na mimba nyingi za mrijani huanza kujionyesha kati ya wiki ya sita na ya nane.

Cha ajabu ni kwamba kuna mtu aliyemuuliza hivyo, tena siku moja kabla.

Alipoona damu imerudi baada ya josho hakujua aswali au aache, akaenda kwa shangazi yake anayefundisha wanawake madrasa. Shangazi akamkalisha mkekani na kumhoji: imeanza lini, rangi gani, nyingi au haba, inakatika saa ngapi, kawaida yako ni siku ngapi, mwezi uliopita ilikuwaje? Ni maswali ambayo wanawake wa pwani wameulizana miaka na miaka kwa ajili ya kutofautisha hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Sitoi fatwa mimi, wala sijui alimjibu nini kuhusu swala. Ninachosema ni kwamba yale yalikuwa maelezo kamili ya ugonjwa, yamepangwa vizuri kuliko faili zetu, na yakabaki mkekani. Mpwa alikwenda dukani kesho yake akayaacha nyumbani, kwa sababu aliyachukulia kuwa ni mambo ya ibada.

Nilipomweleza hivyo wodini alicheka hadi akashika mshono. "Kumbe shangazi ni daktari!"

Na chango

Jirani yake alimwambia ni chango, akamletea mizizi ya kuchemsha. Akainywa siku mbili.

Wenzangu wengine wakisikia neno chango wanakunja uso. Mimi nimezaliwa Ngamiani, nimelelewa na bibi aliyekuwa nazo dawa za chango kwenye kapu juu ya kabati, na siwezi kuigiza kwamba sijui watu wanachokusudia. Tumbo la chini linalomsokota mwanamke, hedhi isiyo na utaratibu, mtoto asiyepatikana: vyote hivyo ni chango. Ni mkoba mpana. Ndani yake zimo hedhi zenye maumivu ya kawaida, yamo maambukizi ya mirija, zimo fibroidi, na imo hii.

Shida yangu na mizizi ile ni muda. Haikumpasua mrija, lakini ilimpa sababu ya kusubiri kesho. Siku hizi nikiambiwa na mama "nahisi ni chango" simkatalii. Namuuliza kama amepima mkojo kwanza. Kunywa dawa ya chango na kupima mimba havigombani, na kipimo kinapatikana maduka ya dawa kwa bei ndogo.

Usiku wa tarehe 17

Saa tisa usiku aliamshwa na maumivu ya ghafla, makali, upande uleule. Halafu, anasema, yakapoa. Akamwambia mume wake arudi kulala.

Kupoa kule kunawahadaa wengi. Mrija uliojaa ukiwa unanyooshwa unauma sana. Ukishapasuka, shinikizo linaondoka na maumivu ya pale yanaweza kushuka kwa muda. Kinachofuata ni damu kumwagika tumboni.

Akaanza kuumwa bega la kulia. Alidhani amelilalia vibaya. Akilala chali linazidi, akikaa linapungua. Damu iliyomwagika ilikuwa inapanda hadi chini ya ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na neva ya msuli huo inatoka shingoni, mahali pamoja na neva za bega. Ubongo unapokea taarifa na kuisoma kuwa ni bega. Mwanamke anayeumwa tumbo la chini, halafu bega likaanza kumuuma bila kubeba kitu, asisubiri kukuche.

Kisha akabanwa na choo kikubwa. Damu hukusanyika pia nyuma ya kizazi, mahali pa chini kabisa tumboni, na kuisukuma njia ya haja. Akaenda chooni, hakupata kitu, alipoinuka akaanguka.

Mume wake alisikia ndoo ikigonga sakafu.

Makorora bajaji inapatikana hata saa hiyo. Alifika kwetu mkono wa baridi, mapigo ya moyo 124, presha 80 kwa 50, tumbo limekaza. Tulimwekea mpira wa mkojo, matone machache yakatosha kipimo: mistari miwili. Ultrasaundi ikaonyesha kizazi kitupu na maji mengi tumboni, ambayo kwa hali yake hayakuweza kuwa kitu kingine ila damu. Wingi wa damu ulipopimwa ulikuwa 10.2, si kiwango cha kutisha, na msaidizi mmoja mgeni akapumua. Daktari akamwambia asikitazame kile. Damu inapotoka kwa haraka, ile iliyobaki kwenye mishipa bado ni nzito kama ilivyokuwa; kipimo hushuka baadaye, maji yakishaingia. Wakati ule cha kuamini ni mapigo, presha na uso wa mgonjwa.

Ndani ya tumbo palikuwa na damu ya lita mbili hivi. Mrija wa kulia ulikuwa umepasuka katikati, ukafungwa na kutolewa. Aliongezewa chupa tatu. Wadogo wa mume wake walichangia asubuhi.

Angekuwa kijiji cha Mkinga au Pangani ndani, mwendo wa saa nzima na zaidi kabla hata ya kupata gari, nisingekuwa na kisa hiki cha kusimulia kwa mdomo wake.

Mistari miwili haisemi iko wapi

Tuseme angepima tarehe 9, au tarehe 14. Karibu kwa hakika kipimo kingesema ndiyo, kwani mimba ya mrijani inayotosha kuuma huwa inatosha kuonekana kwenye mkojo. Ikitokea kimesema hapana na maumivu yanaendelea, kinarudiwa baada ya siku mbili kwa mkojo wa asubuhi. Maumivu yakiwa makali hakuna kurudia nyumbani, ni hospitali.

Lakini ndiyo ya kipimo ina mtego wake. Kinachopimwa ni homoni tu, kwa hiyo mimba iliyokaa vizuri na iliyokwama huchora mistari ileile. Mwenye mistari miwili, damu na maumivu, anahitaji ultrasaundi, na afadhali ile ya kupitia ukeni, ambayo kuanzia wiki ya tano na nusu hivi inaweza kuonyesha kama kizazi kina kitu.

Hapo kuna jibu moja ambalo linanikosesha raha: "Mimba bado changa, haionekani, rudi baada ya wiki mbili." Kwa asiyeumwa popote wala kutoka damu, huenda ni sawa. Kwa anayeumwa, kizazi kitupu pamoja na kipimo cha ndiyo maana yake ni kwamba mimba ipo na haijulikani iko wapi. Huyo anapimwa kiwango cha homoni kwenye damu, kisha kinarudiwa baada ya saa 48. Mimba inayokwenda vizuri wiki hizo hupandisha kiwango kwa kasi, karibu kukizidisha mara mbili kwa siku mbili. Ya mrijani mara nyingi hupanda kwa kusuasua au husimama. Kituo kisichokuwa na kipimo hicho kinampa rufaa, hakimpi tarehe ya mbali.

Na hapo ndipo tofauti ya siku chache inapoonekana. Mimba ya mrijani iliyogunduliwa mapema, ikiwa bado ndogo, haina mapigo ya moyo, mrija haujapasuka na mama yuko imara, inaweza kutibiwa kwa sindano ya methotreksati bila kisu, mradi mama ataweza kurudi kupimwa damu hadi homoni iishe kabisa. Pengine fundi wangu angefaa kwa sindano hiyo tarehe 14. Pengine asingefaa. Sijui ukubwa wa ile mimba siku ile, na hakuna atakayejua.

Mrija uliobaki

Amerudi juzi kuonyesha mshono. Umepona vizuri. Hakuja na swali la damu tena, alikuja na la mume: anasema mrija mmoja unatosha?

Unatosha. Mrija wa kushoto ukiwa mzima, anaweza kushika mimba kwa njia ya kawaida, na wengi hushika. Ila aliyewahi kupata hii anaweza kuipata tena, kama mmoja katika kila kumi, kwa hiyo mimba yake ijayo haisubiri kliniki ya kawaida. Hedhi ikichelewa anapima mkojo wiki ileile, na wiki ya sita hadi ya saba anafanya ultrasaundi hata kama haumwi popote, kuona tu kwamba iko kwenye kizazi. Nikamwandikia hayo nyuma ya kadi yake.

Akaisoma, akaniuliza kalamu. Chini ya maandishi yangu akaongeza mwenyewe: "Na ikija kidogo, napima vilevile."